Likizo haihesabiwi kwa vichwa

*Zahanati yetu ni ya binafsi, tuna wakunga wanne na tunazalisha saa 24. Nimeweka sharti kwamba likizo aende mmoja mmoja, lakini kila anapoondoka mtu zamu zinayumba. Nakosea wapi?*

Umehesabu vichwa, dada yangu. Hesabu saa.

Kima chako cha chini ni mkunga mmoja kwenye wodi ya wazazi, mchana na usiku. Wiki ina saa 168. Ongeza nusu saa ya kukabidhiana kwa kila zamu, maana anayetoka hawezi kumwacha mama yuko sentimita sita akakimbilia daladala. Zamu tatu kwa siku saba, hiyo ni saa kumi na nusu. Jumla unahitaji saa 178.5 kwa wiki. Mkunga mmoja anafanya saa 45 za kawaida, kwa hiyo wanne wanakupa 180. Umebakiwa na saa moja na nusu, na hapo wote wapo kazini na hakuna aliyeamka na homa.

Sasa mmoja ameenda likizo. Watatu wanakupa saa 135, zinapungua 43.5 kila wiki. Ukiwagawia, kila mmoja anabeba 14.5 juu ya zake, na kwa wiki nne za likizo zinafika 58. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia saa 50 za ziada kwa kila wiki nne, tena kwa makubaliano na mfanyakazi. Hilo sharti lako la mmoja mmoja ndilo linalokuvusha mpaka. Utaliona pia kwenye patografu za usiku: mapigo ya moyo wa mtoto yamejazwa mstari mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, yote alfajiri. Huyo mkunga hakulala kwa uvivu. Alikuwa kwenye zamu yake ya sita ya usiku.

Unahitaji mkunga wa muda. Najua utaniambia hakuna fedha, basi tuhesabu na hilo. Pengo la likizo moja ni saa 174. Ukiwapa wako kama saa za ziada, unalipa mara moja na nusu, yaani mshahara wa saa 261. Mkunga wa muda kwa kiwango kile kile cha saa unamlipa 174. Mwajiri anayesema anabana matumizi kwa kuwabebesha waliobaki analipa zaidi na anapata kazi mbovu zaidi.

Wakunga wanne ni wiki 16 za likizo kwa mwaka. Usizitawanye mwezi huu mmoja, miezi mitatu baadaye mwingine, ukawa kila mara unatafuta mtu mpya. Zipange mafungu mawili ya wiki nane, mmoja akirudi mwenzake anaondoka, na mkunga wa muda awe yule yule fungu zima. Mlete siku mbili kabla, afanye zamu pamoja na anayeondoka. Aonyeshwe oksitosini iko friji gani, ambu ya mtoto mchanga inatundikwa wapi, na gari la rufaa linaitwa kwa namba ipi. Mgeni asiyejua hayo hajaziba pengo, hata kama jina lake limo kwenye ratiba. Na kama mko ukanda wa pwani au wa Ziwa, fungu lolote lisiangukie wiki zinazofuata masika, malaria inapopanda na tabibu wako anawaomba wakunga wamsaidie kwa wagonjwa wa nje.

*Desemba wote wanataka kwenda kwao. Nianze na nani?*

Swali hili linakuja kila Novemba, na kila Novemba nasema limechelewa. Maombi ya Desemba yafungwe Septemba. Aliyekwenda mwaka jana anakaa mwisho wa foleni mwaka huu, na orodha ya miaka miwili ibandikwe ukutani kila mtu aione. Wanaosherehekea Idi wawekwe kwenye orodha hiyo hiyo, mkikumbuka kwamba Idi inarudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka. Kalenda ya mwaka jana haitakusaidia.

Usimpe anayekuja kulia ofisini. Ukifanya hivyo mara moja, mwakani watalia wote.

*Mkunga wetu anatarajia kujifungua Agosti. Likizo yake ya mwaka si imo humo humo kwenye ya uzazi?*

Haimo. Likizo ya mwaka haiendi sambamba na likizo nyingine yoyote. Uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akiunganisha na 28 zake, usimtarajie kabla ya wiki 16. Anapaswa kukuarifu miezi mitatu kabla, na anaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya makisio. Kwa hiyo andika Julai kwenye ratiba, usiandike Agosti, na pengo hilo lipate mtu wake. Ukilitupia lile fungu la wiki nane, wenzake ndio watakaonyimwa likizo kwa sababu yeye amezaa, na chuki ya namna hiyo haitoki kwenye zahanati ndogo.

*Maabara yetu ina mtu mmoja tu. Atapataje likizo?*

Kama wengine. Kipimo cha haraka cha malaria kifanywe na muuguzi aliyefundishwa, darubini ifunikwe, na sampuli zinazobaki ziende kituo cha afya mlichoandikiana nacho kabla hajaondoka.

*Tukizidiwa, tunaweza kusogeza likizo ya mtu mwaka ujao?*

Ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wake wa likizo kuisha, ndiyo. Miezi kumi na miwili, ikiwa tu mwenyewe ameridhia na kazi kweli inadai. Ila mwenye kuzidiwa kila mwaka hajazidiwa, ana upungufu wa watumishi, na aandike barua ya kuomba mtu wa tano.

*Muuguzi wa chanjo akienda likizo, mhudumu anaweza kumshikia? Siku zenyewe za kliniki ni mbili tu kwa wiki.*

Kuchanja hapana. Na siku si mbili, ni saba. Friji haiendi likizo: joto linasomwa asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu pia, na libaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Niliwahi kurudi likizoni, kwenye zahanati niliyofanya kazi zamani, nikakuta fomu ya joto imejazwa Ijumaa asubuhi kisha tupu hadi Jumatatu. Kulikuwa na joto kali, na mhudumu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amezungusha kitasa cha kurekebisha joto upande wa baridi zaidi. Chupa za penta na za pepopunda zilizokaa karibu na ukuta wa nyuma ziliganda, zikayeyuka, na kwa macho zilionekana salama. Tuliponea kwenye jaribio la kutikisa: tulipozilinganisha na chupa tuliyoigandisha makusudi, mashapo ya hizo yalizama haraka kama ya chupa hiyo. Tukazitoa zote, na akina mama wa Jumanne wakaambiwa warudi wiki inayofuata.

Kwa hiyo andika majina mawili kwenye mlango wa friji, la asubuhi na la jioni, kwa kila siku ya likizo hiyo. Na kitasa cha joto kibandikwe plasta.