Kadi ya mtoto wa mbwa: nini kinafuata?

Mbwa wangu kazaliwa Machi 3. Kadi ina chanjo ya Aprili 28 na ya Mei 26. Si amemaliza?

Bado. Usihesabu sindano, hesabu wiki. Aprili 28 alikuwa na wiki 8, Mei 26 wiki 12. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afikishe angalau wiki 16, kwa hiyo inayofuata ni Juni 23. Sababu ni dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama. Kinga aliyoinyonya humo humlinda, lakini pia huizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza kujikinga. Kwa baadhi ya watoto huisha mapema, kwa wengine hukaribia wiki ya 16, na kwa kumtazama tu huwezi kujua. Ndiyo maana sindano ya mwisho ndiyo ninayoihofia zaidi ikirukwa. Nimeletewa watoto wanaotapika na kuhara damu, na kadi zao zina chanjo mbili zilizochomwa kwa tarehe sahihi, zote kabla ya wiki ya 12.

Tazama pia kama Mei 26 alichomwa ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida huanza wiki ya 12. Kama mstari wake uko wazi, mwambie daktari mapema.

Kibandiko kimeandikwa tarehe ya mwaka kesho. Nirudi wakati huo?

Hapana, hapo ndipo wengi wanapokosea. Kibandiko kimebanduliwa kwenye kichupa, na tarehe hiyo ni ya dawa kuisha muda. Siku ya kurudi huandikwa kwa mkono pembeni. Ikiwa haikuandikwa, hesabu kutoka siku aliyochomwa.

Amekunywa dawa ya minyoo mara mbili, mbona kadi inataka tena?

Watoto wa mbwa hupata minyoo ya duara tangu tumboni mwa mama, kisha kwenye maziwa. Dawa huua iliyokomaa utumboni, lakini viluwiluwi vilivyo njiani mapafuni hupona na kushuka utumboni baadaye. Kwa hiyo ratiba huwa wiki ya 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mpime kila mara: aliyekuwa na kilo 2 akifika 4, kipimo cha zamani ni nusu tu ya anachohitaji.

Tumechelewa, sasa ni Julai 7. Tuanze upya?

Parvo na distempa, hapana. Ana wiki 18, achomwe leo. Chanjo ya leptospira, ugonjwa wa bakteria, ni tofauti: hutaka dozi mbili zilizoachana wiki 2 hadi 4. Kama alipata moja tu na zimepita zaidi ya wiki 6, kwa kawaida hiyo peke yake huanzwa upya.