Salamu za wajukuu kwa miaka 50 ya ndoa: anzeni na nyumba

Babu na Bibi wa Ngamiani, Tanga, walipotimiza miaka 50 ya ndoa, wajukuu wenzangu walinipa kazi ya kuandika salamu zetu. Rasimu ya kwanza niliijaza "nguzo yetu" na "mfano wa kuigwa". Binamu yangu akaisoma, akaniuliza, "Hawa ni babu na bibi wa nani?" Nikaichana.

Kesho yake nikamfuata Bibi uani, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Sikumwuliza siri ya ndoa, maana wazee hulijibu hilo kwa neno moja tu, "subira", na mazungumzo yakaishia hapo. Nilimwuliza nyumba hii ilianza na chumba kipi. Akaacha kukuna.

"Hicho cha mbele, mkono wa kushoto. Miti na udongo, juu makuti. Masika tukihamisha kitanda usiku."

Mabati Babu aliyaleta mawili mawili, kayafunga kwenye baiskeli, anaisukuma. Mwaka Bibi hakuukumbuka, ila vita vya Idi Amin vilikuwa vimekwisha na yeye alikuwa na mimba ya shangazi. Shangazi kazaliwa 1980, kwa hiyo mwaka tukaupata. Mzee akikwama kwenye tarehe, mwulize nani alikuwa tumboni na nani alikuwa mgongoni.

Jioni nikakaa barazani na Babu peke yake. Yeye akanipa lile ambalo Bibi hakulisema: mabati ya mwisho yalinunuliwa kwa khanga za Bibi, doti tatu alizoziuza bila kuambiwa. Ndiyo maana nasisitiza muwaulize mmoja mmoja. Wangekuwa pamoja, Bibi angemkatiza.

Kabla ya kuchapa, nilimsomea shangazi. Nilipofika "watoto wenu sita" akanyamaza, kisha akasema, "Tulizaliwa saba." Mmoja hakufikisha siku arobaini. Sisi wajukuu hatukuwahi kumsikia. Jambo kama hili msiliandike kwa kukisia, wala msiliibue mbele ya wageni bila idhini. Nilimwuliza Bibi faraghani. Akatazama mlango wa kile chumba. "Mtajeni. Na yeye alilala humo."

Basi tukaandika hivi:

"Babu, Bibi, shikamooni. Mlianza na chumba kimoja cha udongo, mvua ikinyesha mnahamisha kitanda. Babu, ulisukuma baiskeli yenye mabati. Bibi, uliuza khanga zako. Watoto wenu saba walilala chini ya paa lile, na mmoja wao tunamwombea leo. Sisi wajukuu tumekula ukumbini humo, tumelala mkekani humo, na kila mvua inapopiga bati tunajua nani alilileta."

Salamu zikizidi ukurasa mmoja, punguzeni sifa, msiguse matukio. Chapeni kwa herufi kubwa. Babu ameomba nakala yake, na huisoma mwenyewe barazani baada ya alasiri.