Wateja wakinyamaza, najiona sifai

“Dada, ninashona magauni Sinza. Nikituma picha kwenye kundi la wateja na wasisifie, siku nzima najiona sifai. Nifanyeje?”

Mdogo wangu, sifa zinazokuja leo na kukosekana kesho hutufanya tuzisake zaidi kuliko zile za kila mara, ndiyo maana mkono wako haukomi kurudi kwenye simu. Kabla ya kupiga picha, ligeuze gauni nje ndani, ukague mishono, zipu na upindo, kisha uandike hukumu yako daftarini, kwa mfano: “Zipu imelala vizuri, kiuno kimevuta kushoto.” Ndipo utume, na simu uiweke kando mpaka umalize kukata kitambaa kinachofuata. Wakinyamaza, fungua daftari: zipu bado ni nzuri, na kiuno bado kinahitaji kufumuliwa. Usiandike “mimi ni hodari”, kwa sababu siku gauni litakapoharibika utajiandikia kinyume chake, na hilo ndilo ninalolihofia zaidi kwako. Siku za mwanzo wasiwasi huenda ukaongezeka. Uvumilie bila kuchungulia simu. Mteja akilalamikia kiuno, msikilize na urekebishe, kwani anazungumzia gauni, hakuzungumzii wewe.