Kumwambia mtu fungu limekatwa: anza na kipi?

Swali: "Wakuu, mfadhili amepunguza fedha na Jumanne natakiwa niwaambie wafanyakazi 14 hapa ofisini Dodoma. Nianzie wapi ili wasipaniki?"

Mkuu, anza na takwimu yenyewe, kabla hata ya kushukuru watu kwa kuhudhuria. Mtu akiitwa kikao cha ghafla mwezi Juni anajua kuna jambo. Ukimzungusha dakika kumi kwenye historia ya mradi na changamoto za dunia, hakusikilizi, anapiga hesabu ya ada ya mtoto. Ukifika kwenye habari yenyewe, mwenzake wa Kondoa ameshaisoma kwenye grupu la WhatsApp, tena ikiwa imetiwa chumvi.

Tuchukue mfano wa bajeti iliyotoka milioni 240 ikabaki milioni 180. Dakika ya kwanza isikike hivi: "Fungu letu la mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai limepungua kwa milioni 60. Mishahara haijaguswa. Safari za vijijini, mafunzo na nafasi mbili zilizo wazi ndivyo vinavyopungua." Halafu nyamaza kidogo, yaingie. Usiseme "imeonekana kuna haja ya kurekebisha matumizi", maana mtu atajiuliza nani ameona na atakatwa nani.

Sababu zifuate, nazo ziwe zinazoweza kuhakikiwa. Soma aya husika ya barua ya mfadhili na useme tarehe iliyopokelewa. Kisha onyesha milioni 60 zimetoka wapi: safari 40 zinafutwa kwa wastani wa laki sita kila moja, hiyo ni milioni 24, mafunzo milioni 16, nafasi mbili ambazo hazitajazwa milioni 20. Jumla ikifunga mbele ya macho yao, maswali mengi yanaisha hapo. Ukisema tu "hali ya uchumi ni ngumu" huku gari jipya la mkurugenzi limeegeshwa nje ya dirisha, umekwisha. Kama gari lilinunuliwa kwa fungu jingine lisiloruhusiwa kuhamishwa, litaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Sasa hapa ndipo wengi wanaharibu: posho. Kwa mhasibu, kufuta safari ni mstari mmoja. Kwa dereva anayelala Mpwapwa au Kondoa kila wiki, posho inaweza kuwa karibu sawa na mshahara, kwa hiyo "mishahara haijaguswa" ataisikia kama kejeli. Watu wa namna hiyo waite mmojammoja asubuhi hiyohiyo, nusu saa kabla ya kikao, si jana yake. Walioko vijijini wapigiwe simu saa ileile. Pia angalia mikataba yao. Posho iliyoandikwa kwenye mkataba haifutwi kwa tangazo. Unashauriana na mhusika na mabadiliko yanaandikwa.

La kuhusu ajira, tenga wazi kilichoamuliwa na kisichoamuliwa. Usiahidi "hakuna atakayepoteza kazi". Sema "hadi tarehe 31 Desemba hakuna nafasi inayofungwa, Novemba tutapitia tena fedha na nitawapa majibu", ikiwa kweli fedha zinatosha kufika hapo. Na kama kupunguza watu kunafikiriwa, usitaje majina wala idadi kama jambo lililokwisha. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka utoe taarifa ya kusudio, utoe taarifa zote muhimu, kisha mshauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua, muda na malipo. Ukitangaza watatu wanaondoka ndipo uitishe mashauriano, mashauriano hayo yatakuwa ya jina tu, na hoja hiyo itakusubiri CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Atakayeuliza kiinua mgongo mjibu palepale: kiwango cha chini kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, mradi ametimiza miezi 12 kazini.

Maswali usiyo na jibu lake yaandike kwenye karatasi kubwa ukutani, kila moja na tarehe ya jibu na atakayelijibu. Kikao chote kisizidi dakika 40. Wakitoka, kila mtu awe na ukurasa mmoja wenye takwimu zilezile, kwa maneno yaleyale uliyosema. Ukurasa ukitofautiana na ulichosema hata kwa tarehe moja, ndiyo itakayojadiliwa wiki nzima.

Na Jumanne asubuhi ni siku nzuri, usikubali kusogezwa hadi Ijumaa jioni. Ijumaa watu wanaondoka na habari nusu, wengine wanapanda basi kwenda kwao, na wewe hupatikani hadi Jumatatu.