Pesa zimeingia kwenye laini ya kikundi ila daftarini hazipo

"Laini imeingiza 200,000 mwezi huu, daftari langu lina 160,000, na watu 2 wanasema walilipa. Naanzia wapi?"

Dada, anza na steitimenti ya laini ya mwezi mzima, siyo daftari. Kuna mchangiaji mwingine kakushauri uangalie salio, sawa kwa kiasi, ila salio linaguswa na mikopo mliyotoa na makato, we angalia zilizoingia tu. Kila muamala utafutie mstari wake daftarini kwa namba ya muamala, usitumie jina, maana jina ndo linadanganya.

Tuseme mko 10, hisa ni 20,000, umeandika mistari 8 ila miamala iliyoingia ni 9. Ule wa 9 una jina la wakala kwa sababu mtu aliweka keshi, basi muulize anayedai akutumie meseji ya siku hiyo ulinganishe namba na saa. Hapo umepata 20,000. Nyingine mara nyingi imejificha kwenye muamala wa 40,000, mmoja kalipia na shoga ake, we ukaandika 20,000.

Skrinshoti bila namba inayoonekana kwenye steitimenti usiipokee, huenda pesa alituma kwenye laini nyingine.

Ukipata, usifute ukurasa wa zamani, andika mstari mpya wa marekebisho, tarehe ya malipo na ya leo, katibu asaini. Faini ya kuchelewa kama mlishawakata mtajadili wenyewe kikaoni, mi ningewarudishia.