Kutunga maswali ya riba kwa kutumia AVEC na makato ya simu

Swali: "Ninafundisha hesabu za biashara mwaka wa tano wa sekondari hapa Bukavu. Maswali ya mkopo ninayotunga kutokana na AVEC, yaani vikundi vyetu vya akiba na mikopo, na M-Pesa yanaleta majibu mawili au matatu tofauti darasani, na kila mwanafunzi anajitetea vizuri. Nirekebishe nini?"

Ndugu mwalimu, mimi pia hufundisha somo hilo, na nimekuwa mwandishi wa kikundi cha akiba Kadutu. Kwa maoni yangu wanafunzi wako wanaweza kuwa sahihi wote, kwa sababu "asilimia 10 kwa mwezi" ni kiwango tu, na kiwango bila kanuni ya kukilipa hakitoshi.

Chukua mkopo wa dola 90 kwa miezi 3. Ikiwa riba inahesabiwa kila mwezi juu ya dola 90 zilezile, mkopaji analipa dola 9 mara tatu, na jumla ya malipo ni 117. Ikiwa anarudisha dola 30 za mkopo kila mwezi na riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu, riba ni 9, kisha 6, kisha 3, na jumla ni 108. Ikiwa halipi chochote hadi mwisho na riba isiyolipwa inaingizwa ndani ya deni, deni linakuwa 99, kisha 108.90, kisha 119.79. Hii ya mwisho peke yake ndiyo riba juu ya riba, na kanuni yake ni:

```
90 × (1 + 0.10)^3 = 119.79
```

Vikundi vingi hudai riba kila mwezi mkutanoni, kwa hiyo riba juu ya riba haijitokezi yenyewe. Hujitokeza pale mwanachama anaposhindwa kulipa na wenzake wanakubali kumwandikia mkopo upya pamoja na riba aliyobakiza. Basi liandike jambo hilo ndani ya swali: "Mchuuzi wa sambaza amekopa dola 90 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi, riba ambayo hajalipa inaongezwa kwenye deni. Atadaiwa kiasi gani baada ya miezi 3?" Hapo mabishano yanakwisha, na unaweza kumwuliza mwanafunzi kwa nini jibu limezidi 117 kwa dola 2.79.

Makato ya simu yaje baada ya hapo, katika sehemu ya pili ya swali. Usiwaache wanafunzi wayakumbuke kutoka vichwani mwao, maana kampuni hubadilisha viwango. Weka kiwango chako ndani ya swali na useme kwamba ni cha mfano. Tuseme mkopo umetumwa kwa simu, na kuutoa kwa wakala kunakatwa dola 2. Mchuuzi anashika dola 88 mkononi, ingawa anadaiwa 90. Akilipa baada ya mwezi mmoja anarudisha 99, yaani amegharimika dola 11 juu ya 88, ambayo ni asilimia 12.5. Akikaa na deni miezi 3 na kulipa 119.79, gharama yake inakaribia asilimia 10.8 kwa mwezi. Kosa utakaloliona mara nyingi ni mwanafunzi kuyazidisha makato kwa miezi 3, au kuyaingiza katika kipeo kana kwamba nayo yanazaa. Makato hulipwa mara moja tu, ndiyo maana huumiza zaidi mkopo wa muda mfupi.

Upande wa akiba unahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hapa ndipo ninapotofautiana na watungaji wengi. Huandika kwamba dola 80 za mwanachama zitakua kwa asilimia 10 kila mwezi kwa mwaka mzima, jambo ambalo lingezifanya zipite dola 250. Sanduku la kikundi halifanyi kazi hivyo: si fedha zote zinazokopwa kila wakati, na faida hugawanywa kwa hisa wakati wa mgawanyo. Kama kikundi kimeuza hisa 300 za dola 2 na kukusanya dola 90 za riba na faini, mfuko una dola 690 na kila hisa inarudi na dola 2.30. Mwenye hisa 40 aliweka 80, anapokea 92. Swali zuri la nyongeza ni kuwalinganisha wawili wenye hisa 40 kila mmoja, mmoja akiwa alinunua nyingi mwanzoni na mwingine mwishoni: wanapokea sawa, lakini fedha za nani zimekaa muda mfupi zaidi kwa faida ileile?

Likelemba iache nje ya maswali haya, kwa kuwa fedha huzunguka tu kwa zamu kati ya wanachama bila riba. Na kila swali liwe la dola tupu au la faranga tupu, vinginevyo wanafunzi watalazimika kuuliza kiwango cha kubadilisha fedha kabla hawajaanza kuhesabu.