Maumivu yasiyotulia baada ya kuvunjika muundi: sindromu ya loji na namna ya kuifungua

*Swali: "Wakubwa, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku milimani Kabare. Tunapokea vijana wengi walioanguka na pikipiki, tibia imevunjika, ngozi nzima. Tunafunga plasta, halafu usiku wanalia. Nikishika mguu mapigo yapo vizuri. Nitajuaje kama ni sindromu ya loji, presha ngapi inatosha kupasua, na huko Bukavu mnapasua vipi?"*

Ndugu yangu, nianze na hayo mapigo, kwa sababu ndiyo yanayowachelewesha wagonjwa wengi tunaowapokea hapa mjini. Ndani ya mguu, kati ya goti na kifundo, misuli imefungwa katika loji nne, yaani vyumba vyenye kuta za fasia, utando mgumu usiotanuka: loji ya mbele, ya pembeni, ya nyuma ya juu iliyo karibu na ngozi, na ya nyuma ya ndani iliyo karibu na mfupa. Mfupa unapovunjika, damu na uvimbe hujaa humo, presha inapanda, na mishipa midogo inayolisha misuli na neva inashindwa kupitisha damu: hiyo ndiyo sindromu ya loji. Ateri kubwa haishindwi upesi. Mtu ambaye presha yake ya juu ni 110 bado atapitisha damu katika ateri inayoshuka hadi unyayoni ingawa loji imefika 45, kwa hiyo utayapata mapigo juu ya mguu, vidole vitakuwa na joto, na wakati huohuo misuli inakufa. Mapigo yakipotea, aidha umechelewa sana au ateri yenyewe imejeruhiwa, na hilo ni jambo jingine.

Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha. Mvunjiko uliokwisha kunyoshwa na kutulizwa ndani ya plasta unapaswa kupungua maumivu kila saa inapopita. Mgonjwa mwenye sindromu ya loji hufanya kinyume: ulimpa parasetamoli na tramadoli saa moja jioni, akalala kidogo, na saa tatu anaomba nyingine huku akieleza kwamba mguu unabana au unawaka, si mahali pa mvunjiko tu bali msuli mzima. Angalia ni mara ngapi ameomba dawa, kwa maana kuongezeka kwa maombi hayo ni dalili, wala si udhaifu wa kijana.

Kisha fanya kipimo cha kunyoosha. Shika kidole gumba cha mguu na vidole vingine, uvikunje taratibu kuelekea unyayo bila mgonjwa kusaidia: msuli wa loji ya mbele unavutwa, na ikiwa maumivu makali yanatokea katika muundi, juu mbali na vidole, loji hiyo ina mashaka. Ukivinyoosha vidole kuelekea juu, unajaribu loji ya nyuma ya ndani. Halafu gusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha pili, kwa sababu neva inayohudumia sehemu hiyo ndogo inapita ndani ya loji ya mbele, na mara nyingi ganzi huanzia hapo. Ganzi ya unyayo inaelekeza nyuma ya ndani. Kushindwa kuinua vidole huja baadaye, na hupaswi kukungojea. Kuhusu kubonyeza kwa mkono ili kuhisi ugumu wa mguu, fanya, lakini usiutegemee mkono wako peke yake. Loji ya nyuma ya ndani imefichika chini ya misuli mingine, na hata mkono wa mzoefu hudanganyika.

Ukishuku, kazi ya kwanza iko mikononi mwako huko huko kituoni, kabla ya gari kupatikana. Pasua plasta kwa urefu wake wote, kisha pasua pamba na bendeji za chini yake mpaka uione ngozi, na uipanue. Kupasua jasi na kuiacha pamba iliyokauka kwa damu ni kazi nusu, kwa kuwa pamba hiyo inabana kama jasi yenyewe. Laza mguu usawa wa moyo. Najua tumefundishwa kuinua mguu uliovimba juu ya mito, lakini hapa kuinua kunapunguza damu inayofika kwenye misuli ambayo tayari ina njaa. Presha ya mgonjwa ikiwa chini, mpe seromu. Maumivu yasipopungua wazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, mtume, na katika karatasi ya uhamisho andika saa ya ajali, saa ya plasta, saa maumivu yalipobadilika na kila dozi uliyompa.

Sasa presha. Loji iliyotulia ina chini ya milimita 10 za zebaki. Zamani wengi walipasua kila ilipofika 30, lakini namba hiyo peke yake huwapeleka chumba cha upasuaji watu wasiohitaji, na inaweza kumpoteza mwenye presha ya chini ya damu. Tunachotumia ni tofauti: chukua presha ya chini ya mgonjwa, yaani ya diastoli, kisha utoe humo presha ya loji. Jibu likiwa chini ya 30, na hali ya mgonjwa inalingana nalo, tunapasua. Tumia diastoli ya kabla ya ganzi au usingizi, kwa sababu dawa hizo hubadilisha presha.

Mashine maalumu ya kupima ni adimu kwetu, kwa hiyo tunatumia njia ya Whitesides iliyoelezwa miaka ya 1970. Inahitaji robine ya njia tatu, sirinji ya mililita 20 yenye hewa, mirija miwili ya seromu, sindano nene na manometa ya zebaki. Mrija mmoja unakwenda kwenye sindano, na nusu yake imejaa maji ya chumvi. Wa pili una hewa tu na unakwenda kwenye manometa. Ganzi huwekwa kwenye ngozi pekee. Sindano inaingia ndani ya msuli, si mbali na mvunjiko, ndani ya sentimita 5 kutoka hapo, kwa kuwa ndipo presha huwa juu zaidi. Usawa wa maji ulingane na ncha ya sindano, kisha unasukuma hewa polepole sana hadi maji yaanze tu kusogea. Namba iliyo kwenye manometa wakati huo ndiyo presha ya loji. Ukisukuma kwa haraka utapata namba kubwa ya uongo. Kwa loji ya mbele tunachoma takriban sentimita 1 nje ya ukingo wa tibia. Tunapima angalau loji ya mbele na ya nyuma ya ndani.

Kijana mmoja aliyeanguka na pikipiki upande wa Kavumu ataeleza vizuri zaidi. Alianguka saa tisa alasiri, akafungwa plasta saa kumi na moja, akafika kwetu saa mbili usiku akilalamika, lakini alikuwa amepewa tramadoli njiani na majibu yake yalikuwa mazito. Plasta ilifunguliwa mpaka kwenye ngozi. Saa tatu presha yake ilikuwa 118 kwa 74, loji ya mbele 34, ya nyuma ya ndani 26. Kwa sheria ya zamani angepasuliwa hapo. Tofauti ilikuwa 40, kwa hiyo tulimweka chini ya uangalizi, muuguzi akirudia kipimo cha kunyoosha vidole kila baada ya dakika chache. Saa nne presha ilikuwa 110 kwa 68, loji ya mbele 44, ya nyuma ya ndani 36, na ngozi kati ya kidole gumba na cha pili haikuhisi pamba. Tofauti ya mbele ilikuwa 24, ya nyuma 32 na inashuka. Hapo hapakuwa na mjadala tena, naye akaingia chumba cha upasuaji kabla ya saa tano. Niongeze kwamba mgonjwa mwenye akili timamu na dalili zilizo wazi hahitaji sindano yoyote. Kipimo ni cha mwenye mashaka, aliyelewa, aliyepoteza fahamu au mtoto asiyeweza kueleza.

Tunafungua loji zote nne, hata kama moja tu ndiyo imepanda, kwa mipasuo miwili mirefu, kila mmoja sentimita 15 hadi 20. Garo ya kuzuia damu haifungwi, maana tunahitaji kuona misuli ikivuja damu. Mpasuo wa nje uko takriban sentimita 2 nje ya ukingo wa tibia. Chini ya ngozi tunakata fasia kidogo kwa upande ili kuuona ukuta unaotenganisha loji ya mbele na ya pembeni. Mbele ya ukuta huo tunaingiza mkasi mrefu wa ncha butu na kufungua juu hadi karibu na goti na chini hadi karibu na kifundo, kisha nyuma ya ukuta tunafanya vilevile kwa loji ya pembeni. Katika theluthi ya chini, neva ya juu ya peronea hutoboa fasia na kutokeza, na mkasi unaosukumwa bila kutazama unaikata.

Mpasuo wa ndani uko sentimita 1 hadi 2 nyuma ya ukingo wa nyuma wa tibia, ukiacha daraja la ngozi lisilopungua sentimita 7 kati ya mipasuo miwili. Vena ya safena na neva yake husogezwa kando. Loji ya nyuma ya juu hufunguka kirahisi, na hapa ndipo wengi huridhika mapema. Loji ya nyuma ya ndani haifunguki mpaka msuli wa soleasi ubanduliwe kutoka nyuma ya tibia. Ukiuona mshipa na neva ya tibia, au msuli unaokunja vidole vya mguu, ndipo umefika. Mgonjwa anayerudi na vidole vilivyojikunja kama kucha za ndege mara nyingi ni yule ambaye loji hiyo ilibaki imefungwa.

Kwa kijana wetu msuli wa mbele ulichomoza ukiwa na rangi ya kijivu na zambarau, na baada ya dakika kadhaa ukawa mwekundu. Kipande kidogo karibu na mvunjiko hakikucheza kilipobanwa kwa koleo, lakini kilivuja damu, kwa hiyo tulikiacha. Tunakata kinachokosa rangi nzuri, uthabiti, mnyweo na damu kwa pamoja. Chenye shaka kinasubiri. Mvunjiko ulishikwa kwa fiksata ya nje, yaani vyuma vinavyoushika mfupa kutoka nje ya ngozi, ngozi ikaachwa wazi chini ya gozi yenye maji ya chumvi, na baada ya saa 48 alirudishwa chumba cha upasuaji. Kipande kile kilikuwa hai. Upande wa ndani ulishonwa baadaye, wa nje ukahitaji kuwekewa ngozi kutoka paja. Siku hizo tuliangalia mkojo wake, kwa sababu mkojo wa rangi ya chai nzito unamaanisha misuli iliyokufa inaelekea kuziba figo, na hapo seromu huongezwa na potasiamu hupimwa.

Kuna wale wanaoletwa siku ya pili au ya tatu, mara nyingi baada ya mguu kufungwa vijiti kwa nguvu, wakiwa hawahisi wala hawasogezi kitu chini ya goti. Misuli huanza kuharibika baada ya takriban saa 4 bila damu, na kufikia saa 8 kwa kawaida hairudi tena. Baada ya zaidi ya siku moja, kwa mguu uliokwisha kunyamaza kabisa, kwa kawaida hatupasui: loji iliyofungwa yenye misuli iliyokufa hubaki na kovu, ilhali iliyofunguliwa huingiwa na vijidudu na inaweza kumgharimu mgonjwa mguu mzima au uhai wake. Huyo tunamlindia figo, tunaushikilia mguu wake kwa pembe inayofaa ili kifundo kisijikunje, na uamuzi wa kisu unabaki kwa daktari bingwa.